Barua pepe ya kusindikiza CV kwa Kifaransa, kazi ya msaidizi wa utawala: naomba mnikosolee kabla sijatuma

Zawadi_R

Wakuu, habari za saa hizi. Nimeona tangazo la nafasi ya msaidizi wa utawala. Limeandikwa lote kwa Kifaransa na maombi yanatakiwa kwa Kifaransa. CV ninayo, barua ya maombi ninayo, zote ni PDF na zimepitiwa na mwalimu wangu wa lugha. Kilichobaki ni barua pepe yenyewe, ile fupi ya kuzisindikiza, na mwalimu hapatikani wiki hii. Kifaransa changu ni cha kusoma na kusikia zaidi kuliko kuandika.

Tangazo linasema wanamtaka mtu wa mapokezi, wa kufuatilia ankara za wauzaji, na wa kuandika kumbukumbu za vikao. Kumbukumbu namba ya tangazo ni ADM-04. Mimi nimekuwa karani kwa miaka 3 katika ofisi ya kampuni ya usafirishaji. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Rasimu ni hii, jina nimeliondoa:

```
Objet : CV

Bonjour cher Monsieur/Madame,

J'applique pour le poste de l'assistant administratif.
Je suis très excité par cette opportunité. J'ai travaillé
3 ans dans une bureau, je me suis occupé de courrier,
réception et factures. Attaché mon CV et lettre.
Je vous serais gré de m'accorder une interview.

Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer
l'expression de mes salutations distinguées.
```

Msinionee haya, kosoeni.

Mwandani

Dada Zawadi, ni fupi mno hiyo. Wafaransa wanapenda barua. Chukua barua yako ya maombi yote, uibandike ndani ya barua pepe, halafu uiambatishe tena kama PDF. Hapo hata asiyefungua kiambatisho atakuwa ameisoma. Ila sentensi ya kufungia usiiguse, iko sawa kabisa, ndivyo tulivyofundishwa shuleni neno kwa neno.

Kiparo77

Naomba kuuliza hapo hapo: kwenye CV ya Kifaransa picha inawekwa kona ya kushoto au ya kulia? Na nani ana muundo mzuri wa kurasa mbili?

Zawadi_R

Kaka Kiparo, CV yangu imeshakamilika, hapa naulizia barua pepe tu. Labda ufungue uzi wako, wengi watakuja.

Mwandani asante. Lakini kuibandika yote si itakuwa kurudia?

Masjala

Dada Zawadi, nimefanya kazi masjala katika taasisi inayotumia Kifaransa, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kufungua sanduku la maombi na kuyapanga kabla hayajafika kwa mkuu wa utawala. Nitakueleza yanavyoonekana kutoka upande ule wa meza, maana nadhani hilo ndilo litakalokusaidia zaidi.

Nianze na la Mwandani. Yuko sawa kwa hali moja: tangazo likitaka CV peke yake, bila barua, basi barua pepe ndiyo inakuwa barua, na unaweza kuandika mistari 15 hadi 20. Lakini kwako barua ipo kama kiambatisho. Ukiibandika tena ndani, msomaji anakutana na maneno yale yale mara mbili, na mara ya pili hasomi. Barua pepe ya kusindikiza ina kazi ndogo: iseme unaomba nini, itoe sababu moja ya kufungua CV yako, iseme umeambatisha nini, iage kwa heshima. Mistari minane mpaka kumi na miwili inatosha.

Sasa kichwa. Umeandika "CV". Fikiria sanduku lenye maombi mengi, nafasi tatu zimetangazwa kwa wakati mmoja, na barua pepe nyingi zina kichwa "CV" au "Candidature" tu. Sikuwa na njia ya kujua ipi ni ya karani na ipi ni ya mhasibu mpaka nifungue. Na siku mkuu akiniambia "nitafutie yule binti wa ADM-04", mimi natafuta kwa namba na kwa jina la ukoo. Kichwa kisicho na vitu hivyo hakipatikani. Andika hivi:

```
Candidature – Assistante administrative – Réf. ADM-04 – Prénom NOM
```

Mahali pa Prénom weka jina lako, pa NOM weka la ukoo kwa herufi kubwa zote. Kwa Kifaransa cha ofisini herufi kubwa zinamwonyesha msomaji lipi ni la ukoo, na kwa majina asiyoyazoea zinamwokoa sana. Na hayo yaende kwenye kile kisanduku cha kichwa chenyewe. Usiandike neno Objet ndani ya barua pepe, hilo ni la barua ya karatasi.

Majina ya mafaili nayo ni hivyo hivyo. Faili likiitwa "CV final mpya 2.pdf", nikilipakua linachanganyika na ya wengine. Liite CV_NOM_Prenom.pdf na Lettre_NOM_Prenom.pdf. Humo usiweke herufi zenye alama juu wala nafasi, kwa sababu mifumo mingine inazivuruga na jina linafika likiwa na vibambo vya ajabu.

Ya lugha yenyewe nitarudi jioni, yapo kadhaa.

Mwandani

Nimekupata mkuu Masjala. Hilo la tangazo linalotaka CV tu sikulitofautisha na hili. Lakini kwa kufungia bado nashikilia yangu.

BintiNahau

Nimesomea ukalimani, niongeze kidogo wakati Masjala hayupo.

Zawadi, tangazo linasema "assistant administratif" au wameandika kwa njia gani? Na wewe ni mwanamke, sivyo?

Zawadi_R

Ni mwanamke ndiyo. Tangazo limeandikwa "Assistant(e) administratif(ve) H/F". Nikaona nichukue la kwanza.

BintiNahau

Ndiyo nilichokihisi. H/F ni homme na femme, maana yake nafasi iko wazi kwa wote, na zile herufi za kwenye mabano ni za wewe kuchagua. Wewe unaandika "assistante administrative", kote, kwenye kichwa na ndani.

Sasa tazama sentensi zako mbili: "je suis excité" na "je me suis occupé". Zote mbili zimeandikwa na mwanamume. Kwako ni "occupée", na e ya mwisho haisikiki kabisa. Hapo ndipo penye mtego kwa mtu aliyejifunza kwa kusikia kama wewe: sikio linakuambia umesema vizuri, na kweli umesema vizuri, lakini jicho la msomaji linaona mtu mwingine. Jina lako chini ni la kike, juu anaongea mwanamume, na msomaji anajiuliza kama barua hii umeiandika wewe au umeinakili mahali.

Sheria unayoihitaji kwa barua pepe hii ni ndogo. Kila penye "je suis" au "je me suis" likifuatiwa na neno linalokueleza wewe, ongeza e: je suis intéressée, je me suis occupée, je me suis chargée. Penye "j'ai" kama ulivyoandika "j'ai travaillé" huongezi kitu. Kuna mengine ya ndani zaidi kuhusu "j'ai" na ya vitenzi vya "je me suis", lakini kwenye barua ya mistari kumi hutakutana nayo.

Kabla ya kutuma, pitia barua mara moja ukitafuta jambo hilo peke yake. Usitafute kosa jingine lolote kwenye duru hiyo. Tafuta "suis" tu, na kila ukiipata angalia neno linaloifuata. Halafu tafuta sifa zinazokuhusu ambazo hazina "suis", kama "heureux" ambayo kwako ni "heureuse".

Kiparo77

Haya nimeelewa sasa, nilikuwa nje ya mada. Lakini nina langu linalofanana. Mimi naomba kazi ya karani wa ghala na hawajatangaza nafasi yoyote, najipelekea tu. Je, naweza kuitumia hii ya dada ikishakamilika?

Masjala

Nimerudi.

Kiparo, unaweza kuchukua umbo lake lakini si maneno yake. Wewe huna tangazo, kwa hiyo huwezi kusema "votre annonce". Kichwa chako kitakuwa "Candidature spontanée – Magasinier – Prénom NOM", na sentensi ya kwanza lazima ieleze kwa nini umewaandikia wao hasa. Na alichosema BintiNahau hapo juu wewe ukisome kinyume: popote Zawadi atakapoandika occupée na heureuse, wewe ni occupé na heureux. Mwanamume anayenakili barua ya mwanamke na kusahau hayo anajulikana kwenye mstari wa pili.

Zawadi, nirudi kwako. Kuna maneno manne ambayo naona yametoka kwenye Kiingereza, hata kama hukukusudia. "J'applique" kwa Kifaransa ni kupaka dawa au rangi, au kutekeleza kanuni. Kuomba kazi ni "postuler", au useme "je vous adresse ma candidature". "Excité" usiitumie kabisa ofisini: ni mtu aliyechachawa, na ina maana nyingine ya faragha ambayo hutaki mkuu wa utawala aifikirie. "Interview" kwa Kifaransa ni mahojiano ya mwandishi wa habari, usaili wa kazi ni "entretien". Na "attaché" badilisha iwe "en pièces jointes", kwa wingi kwa sababu mafaili ni mawili.

"Opportunité" nayo imetoka huko, na walimu wakali wanaikataa, lakini imezoeleka hata kwa Wafaransa wenyewe. Mimi ningeiondoa kwa sababu nyingine: sentensi nzima haisemi kitu. Kila mwombaji anafurahia nafasi.

Sasa katikati, hapo ndipo pana nyama na wewe umepaharakisha. Tangazo limetaja mambo matatu: mapokezi, ankara, kumbukumbu za vikao. Wewe umetaja barua, mapokezi na ankara. Je, kumbukumbu za vikao umewahi kuandika? Na ankara ulikuwa unazifanyia nini hasa, unazipokea tu au unazifuatilia mpaka zilipwe? Kwa mwezi zilikuwa ngapi hivi?

Zawadi_R

Ankara nilikuwa nazipokea, naziingiza kwenye Excel, nalinganisha na hati ya kupokelea mzigo, kisha napeleka kwa mhasibu. Zisipolipwa kwa wakati wauzaji wananipigia mimi. Kama sitini hivi kwa mwezi. Kumbukumbu za vikao niliandika za kikao cha kila wiki cha madereva na mkuu wa safari, lakini sikudhani zinahesabika, zilikuwa ukurasa mmoja tu.

Masjala

Zinahesabika sana. Kikao cha kila wiki kwa miaka mitatu! Hiyo kwa Kifaransa ni "compte rendu", wingi "comptes rendus", na ni mojawapo ya vitu vitatu walivyovitaja wenyewe. Na kulinganisha ankara na hati ya kupokelea mzigo, "bon de livraison", ndiyo kazi yenyewe wanayoiita "suivi des factures fournisseurs". Umeifanya, ila kwenye rasimu umeandika "factures" ukaendelea na safari.

Nikiwa nafungua maombi, nilichokuwa natafuta kwenye barua pepe ni sentensi moja ambayo mtu mwingine asingeweza kuiandika. "Nina bidii, najituma, nafanya kazi kwa ushirikiano" zote nilizipita. "Ankara sitini kwa mwezi, nalinganisha na hati za mzigo" inanifanya nifungue CV kuhakikisha.

Angalizo moja: idadi hiyo iwe ile ile kwenye CV na uwe tayari kuieleza kwenye usaili. Ukisema "une soixantaine" ni kama sitini, makadirio ya kweli. Usiikuze.

Mwandani

Nasubiri hukumu ya sentensi ya kufungia.

BintiNahau

Hiyo niachieni mimi.

Sentensi ya Zawadi ina mambo mawili, moja nina uhakika nalo na la pili watu wanabishana hata leo.

La uhakika: "Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer..." Jiulize, nani anasubiri jibu? Zawadi. Nani anaambiwa "veuillez", yaani "tafadhali pokea"? Mwajiri. Sasa sentensi imeanza na mtu mmoja ikaishia kwa mwingine, kana kwamba mwajiri ndiye anayesubiri jibu lake mwenyewe. Sarufi ya Kifaransa inataka anayesubiri awe ndiye mtendaji wa sentensi inayofuata. Kwa hiyo ukianza na "Dans l'attente", endelea na "je vous prie d'agréer". Ni "je" anayesubiri, ni "je" anayeomba, imekaa. Ukitaka kutumia "veuillez", basi anza nayo moja kwa moja bila utangulizi. Ni hivyo hivyo kwa zile zinazoanza na "Espérant" au "En vous remerciant".

La ubishi: "l'expression de mes salutations". Wanaofuata kanuni za zamani wanasema hisia ndizo zinazoelezwa, salamu hutolewa tu. Kwa hiyo ni "l'expression de mes sentiments distingués", au "mes salutations distinguées" bila "l'expression de". Ulichochanganya wewe ni vichwa viwili juu ya mwili mmoja.

Kisha unasahau kumtaja unayemwandikia katikati. Ulivyomwita juu ndivyo unavyomwita chini, kati ya alama mbili za mkato: "Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées."

Mwandani

La "veuillez" nimelikubali, sikuwahi kulitazama hivyo. Lakini "l'expression de mes salutations" nimeiona kwenye barua nyingi mno za maofisa wanaozungumza Kifaransa tangu utotoni. Kama wenyewe wanaandika, sisi tunakataa kwa mamlaka gani?

BintiNahau

Ni kweli wanaandika, wengi. Sisemi atakosa kazi kwa hilo. Nasema kati ya njia mbili, moja haina wa kuikosoa na ni fupi zaidi. Kwa nini achague ile yenye mgogoro?

Masjala

Mimi hapo siko upande wowote. Sijawahi kuona ombi likiwekwa kando kwa "l'expression". Niliyoyaona yakichekwa ofisini ni "je vous serais gré", ambalo nalo lipo kwenye rasimu. Kitenzi ni savoir, "savoir gré", kwa hiyo ni "je vous saurais gré". Sikio linayachanganya, na wenye lugha wanalikosea pia, ila kwa mtu anayeomba kazi ya kuandika barua linaonekana vibaya. Ningeliacha kabisa, niandike "je serais heureuse de vous rencontrer lors d'un entretien".

Zawadi_R

Na mwanzo je? "Bonjour cher Monsieur/Madame" nilidhani ni adabu.

BintiNahau

"Cher" ni kwa mtu mnayejuana. Mkwaju kati ya Monsieur na Madame unafanana na fomu. Kama hujui atasoma nani ni "Madame, Monsieur," kisha unaruka mstari na kuanza na herufi kubwa. Kama tangazo limetaja mkurugenzi mwanamke, "Madame la Directrice," au "Madame," tu. Kwa desturi rasmi jina lake la ukoo haliandikwi hapo.

Sauti_ya_Pili

Mimi nafanya kazi kwenye kampuni changa na tunaandikiana kwa Kifaransa kutwa nzima. Kwetu "Madame, Monsieur" inasikika kama barua kutoka mahakamani. Tunapokea "Bonjour," na chini "Cordialement," na hakuna anayeshtuka. Sentensi ya "je vous prie d'agréer" kwenye barua pepe naona imepitwa.

Masjala

Inategemea mlango unaobisha. Kampuni changa sawa. Tangazo lenye namba ya kumbukumbu na neno "administratif", mimi ningebaki kwenye rasmi, maana anayeajiriwa ndiye atakayekuwa akiandika barua za ofisi hiyo.

Sauti_ya_Pili

Labda. Lakini barua pepe si barua. Nina wakuu wangu wawili ambao wangeona sentensi hiyo ni ya kunakili.

Zawadi_R

Tangazo lenyewe linaishia na maneno rasmi sana, nitafuata la Masjala. Nimekaa nayo jioni yote, hii hapa:

```
Madame, Monsieur,

Votre annonce pour un poste d'assistante administrative
(réf. ADM-04) a retenu toute mon attention.

Secrétaire pendant trois ans dans une société de transport,
je me suis occupée de l'accueil, des comptes rendus de la
réunion hebdomadaire et du suivi des factures fournisseurs :
une soixantaine par mois, saisies sur Excel et rapprochées
des bons de livraison.

Vous trouverez en pièces jointes mon CV et ma lettre de
motivation. Disponible dès le 3 mars, je serais heureuse
de vous rencontrer lors d'un entretien.

Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations
distinguées.

Prénom NOM
Téléphone
```

"Rapprochées" nimeitoa kwenye kitabu cha uhasibu cha binamu yangu. Je, imekaa?

BintiNahau

Imekaa vizuri. Na "saisies" na "rapprochées" umezipatanisha na "factures" bila mtu kukuambia. Hata nafasi kabla ya nukta mbili umeiweka, Kifaransa kinaitaka. Sina la kugusa.

Masjala

Safi sana dada. Ningeongeza kitu kimoja tu: namba ya simu iwe na msimbo wa nchi.

Kiparo77

Dada mimi kompyuta yangu haina é wala ç. Wewe unaziandikaje? Nikiandika bila alama haieleweki?

Zawadi_R

Mimi naandika kwenye simu, unashikilia herufi e kidogo zinatokea zote, kisha naitumia kompyuta kutuma.

Sauti_ya_Pili

Kwenye Windows, kama kibodi ina zile namba za pembeni kulia, shikilia Alt na uandike:

```
Alt+0233  é
Alt+0232  è
Alt+0224  à
Alt+0231  ç
Alt+0201  É
```

Kompyuta ndogo zisizo na namba za pembeni, ongeza kibodi ya "Français" kwenye mipangilio ya lugha. Bila alama itaeleweka, lakini "motive" na "motivé" ni maneno mawili, na anayesoma ni mtu wa utawala.

Mwandani

Zawadi, usiweke anwani ya mpokeaji mpaka umalize kila kitu. Jitumie mwenyewe kwanza, ufungue kwenye simu, ufungue na viambatisho vyote viwili. Hilo nina uhakika nalo!

Masjala

Mwandani amesema vyema. Nilipokea nyingi zilizosema "en pièces jointes" bila kiambatisho hata kimoja. Nyingine zilikuwa na CV ya mtu mwingine kabisa, nadhani waliandikia kwenye kompyuta za kukodi.

Zawadi_R

Nimejitumia, nimefungua, CV ni yangu na barua ni yangu. Nawashukuru sana nyote. Swali la mwisho: wasiponijibu, nikumbushie baada ya muda gani?

Masjala

Hesabu kuanzia tarehe ya mwisho ya kupokea, si siku uliyotuma. Kabla ya hapo hawajaanza hata kusoma. Wiki mbili baada ya Ijumaa ni sawa. Jibu juu ya barua pepe ile ile uliyotuma ili kichwa na namba vibaki, uandike mistari miwili: "Je me permets de revenir vers vous au sujet de ma candidature au poste d'assistante administrative", kisha uulize kama nafasi bado iko wazi. Usiambatishe tena kila kitu.

Sauti_ya_Pili

Wiki mbili ni nyingi, kwetu mtu anakuwa ameshaajiriwa. Wiki moja.

BintiNahau

Tangazo likiwa limetaja siku ya usaili, fuata hiyo. Zawadi, wameitaja?

Zawadi_R

Hawajaitaja. Wameandika tu kwamba watakaochaguliwa ndio watakaopigiwa simu.

Masjala

Basi kumbushia mara moja tu, na simu yako iwe hewani saa za kazi.